Kuongeza RAM kwenye kompyuta ya mezani: kwa nini seti mbili zenye jina moja hugombana

Tuchukue kompyuta moja ya kawaida tuifuate mpaka mwisho. Ina prosesa ya Ryzen 5 3600, bodi mama ya B450 yenye sloti nne za RAM, na vijiti viwili vya Corsair Vengeance LPX vya GB 8 kila kimoja. Seti hiyo ni CMK16GX4M2B3200C16, yaani DDR4 ya 3200, namba za kusubiri 16-18-18-36, volti 1.35. Jumla ni GB 16, na sloti mbili ziko wazi. Mwenye mashine anataka GB 32, na njia inayomjia kichwani kwanza ni kununua seti nyingine ileile na kuichomeka kwenye zile sloti mbili. Mara nyingi inakubali. Mara nyingine mashine inawaka lakini inashuka hadi 2133, au inafanya kazi siku mbili kisha skrini ya buluu inaanza kutokea bila mpangilio. Vyanzo vya matatizo haya vinajulikana na vinapimika, na vingi unaweza kuviona kabla hujatoa pesa.

Soma kilichopo kabla ya kununua

Fungua PowerShell kwenye Windows uandike:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Format-Table DeviceLocator, PartNumber, Capacity, ConfiguredClockSpeed
```

Kwenye Linux, `sudo dmidecode -t memory` inatoa habari hizohizo. `DeviceLocator` inakuambia sloti ipi ina kijiti, `PartNumber` ni namba kamili ya modeli, na `ConfiguredClockSpeed` ni kasi ambayo kijiti kinaendeshwa sasa hivi. Hiyo ya mwisho iangalie vizuri. Watu wengi walionunua RAM ya 3200 huikuta ikienda 2133 au 2400 tangu siku ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyewasha XMP, yaani mpangilio wa kasi kubwa uliohifadhiwa ndani ya kijiti, kwenye BIOS. Ukitumia programu ya CPU-Z usishtuke kuona 1600 badala ya 3200: inaonyesha mapigo halisi, na DDR hupitisha data mara mbili kwa kila pigo.

Kisha zima mashine, chomoa kijiti kimoja, usome lebo yake. Kwenye vijiti vya Corsair, chini ya namba ya modeli, kuna maandishi madogo kama `ver 4.31` au `ver 5.32`. Tarakimu ya kwanza inataja aliyetengeneza chipu zilizo ndani: 3 ni Micron, 4 ni Samsung, 5 ni Hynix, 8 ni Nanya. Kwa hiyo boksi mbili zenye jina moja, picha moja na namba moja ya modeli zinaweza kuwa na chipu za viwanda viwili tofauti. Kampuni inaahidi kwamba seti itafikia 3200 kwa 16-18-18-36. Haiahidi ni chipu zipi zitaifikisha huko, na hubadilisha kadiri soko la chipu linavyokwenda. Ukinunua kijiti kimoja kimoja bila boksi, kama inavyouzwa sana Kariakoo au Luthuli, omba kukishika mkononi usome mstari huo kabla ya kulipa.

Baadhi ya vijiti vina alama nyingine kwenye lebo: `1Rx8`, `2Rx8` au `1Rx16`. Tarakimu inayotangulia R ni idadi ya safu za chipu ambazo prosesa inaziona. Kijiti cha GB 8 kinaweza kuwa na safu moja ya chipu nane, au safu mbili za chipu kumi na sita kama ni cha zamani, au chipu nne tu pana za x16 kama ni cha bei nafuu cha miaka ya karibuni. Vyote vitatu ni GB 8 na vyote vinaweza kuandikwa 3200, lakini kwa prosesa ni vitu vitatu tofauti. Vile vya x16 vikwepe ukiweza. Ndani yake makundi ya benki, yaani sehemu za data zinazopokezana kazi, ni mawili badala ya manne, hivyo hata vikiwa peke yake huwa na mwendo mdogo.

Kinachotokea vijiti vinne vinapokutana

Jambo la kwanza ni mzigo. Prosesa ina chaneli mbili za kumbukumbu, na kwenye bodi ya sloti nne kila chaneli inalisha sloti mbili kwa nyaya zilezile. Ukiweka kijiti kimoja kwa chaneli, ishara inafika kwenye kituo kimoja tu. Ukiongeza cha pili, ishara hiyohiyo inagawanyika, inarudi nyuma kidogo kutoka kila kijiti, na nafasi ya kutofautisha sifuri na moja inapungua. AMD wenyewe wamelizingatia hilo. Kwa Ryzen za kizazi cha 3000, kasi rasmi ni 3200 kwa vijiti viwili, 2933 kwa vijiti vinne vya safu moja, na 2666 kwa vijiti vinne vya safu mbili. Maana yake, hata vijiti vinne vinavyofanana kabisa, vilivyotoka boksi moja, vikienda 3200 kwenye mashine yetu vimeshavuka kile ambacho prosesa imehakikishiwa. Vingi vinavuka salama, ila hilo ni jambo la kupimwa.

La pili ndilo linalohusu seti zisizofanana, na ndilo lisiloeleweka vizuri. Kijiti kina chipu ndogo inayohifadhi namba zake za kufanyia kazi, zikiwemo zile za kawaida na zile za XMP. Bodi ikiwaka inazisoma, halafu inachagua mpangilio mmoja wa vijiti vyote. Haiwezi kuendesha seti ya zamani kwa namba zake na mpya kwa namba zake. Kama moja ni 3200 na nyingine 2666, zote zinaenda 2666. Kama moja ni CL16, yaani namba yake ya kwanza ni 16, na nyingine CL18, zote zinapaswa kwenda CL18. Kwenye namba za kawaida bodi huchagua iliyo polepole zaidi, na mashine inatulia. Ugumu huanza ukiwasha XMP, kwa sababu hapo bodi nyingine huchukua profaili ya kijiti kimoja na kuwabebesha wote.

Namba inayoleta balaa zaidi hapa ni ile isiyoandikwa kwenye boksi: tRFC, muda ambao chipu inahitaji kujiburudisha ili isipoteze data iliyoshika. Muda huo unategemea ukubwa wa chipu. Kwa viwango vya DDR4, chipu ya gigabiti 8 inahitaji nanosekunde 350 na ya gigabiti 16 inahitaji 550. Kwa kasi ya 3200, pigo moja ni nanosekunde 0.625, hivyo ya kwanza inataka mapigo 560 na ya pili 880. Sasa fikiria seti ya zamani ina chipu za gigabiti 8 na mpya ina za gigabiti 16, na bodi imechukua 560 kutoka seti ya zamani. Seti mpya inakatizwa kabla haijamaliza kujiburudisha. Inaweza kuwaka, ikafungua Windows, ikacheza video, halafu ikapoteza biti moja baada ya saa tatu, wakati chipu zimepata joto. Kinyume chake ni salama: bodi ikichagua 880 kwa wote, seti ya zamani inasubiri bila sababu na mwendo unapungua kidogo.

Kuna pia mambo ambayo hayamo kabisa kwenye XMP, hasa ukinzani unaowekwa mwisho wa nyaya ili ishara isirudi nyuma. Bodi hukisia thamani hizo kwa kujaribu kila inapowaka. Chipu za Samsung na za Hynix hazipendi thamani zilezile, na bodi inatafuta moja itakayozifaa zote. Ndiyo maana mashine yenye seti mchanganyiko inaweza kuwaka vizuri asubuhi ikagoma jioni: kila uwakaji ni ukisiaji mpya.

La tatu ni la usawa wa chaneli, na linawagusa zaidi wanaoongeza kijiti kimoja. Chaneli moja ya DDR4 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde na mbili zinapitisha 51.2. Ukiwa na GB 8 upande mmoja na GB 4 upande mwingine, GB 4 za kila upande zitafanya kazi kwa pamoja na GB 4 zilizobaki zitatumia chaneli moja tu. Mashine haitaharibika, ila mwendo utabadilika kutegemea data imeangukia wapi.

Amua: kuongeza au kubadilisha

Kwa mashine yetu, uamuzi bora kiufundi ni kuuza ile seti ya GB 16 na kununua seti moja ya vijiti viwili vya GB 16, iliyojaribiwa kiwandani ikiwa pamoja. Vijiti vinabaki viwili, mzigo ni mdogo, na 3200 iko ndani ya kiwango cha prosesa. Kama tofauti ya gharama baada ya kuuza ya zamani ni ndogo, usisite.

Kama bajeti inasema kuongeza, tafuta vitu vinavyolingana kwa mpangilio huu: aina ya DDR kwanza, halafu ukubwa wa kijiti, idadi ya safu, namba za XMP na volti zake, na mwisho toleo la chipu kwenye lebo. Hicho cha kwanza hakina mjadala. DDR3 na DDR5 haziingii kwenye sloti ya DDR4 kwa sababu mkato wa chini uko mahali tofauti. Ukikosa toleo lilelile la chipu bado unaweza kuendelea, ila jipange kushusha kasi. Na usinunue seti ya kasi kubwa zaidi ukidhani itainua ya zamani. Ukiweka 3600 pamoja na 3200, unachopata ni 3200 au chini yake.

Kuchomeka

Kabla ya yote nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. RAM yenye makosa haiishii kuzima mashine. Inaandika takataka kwenye diski huku kila kitu kikionekana kizuri, na faili ikishaharibika hivyo hairudi.

Zima mashine, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika vijiti, na urudie kila ukisogea mbali na kurudi. Ukihesabu kutoka kwenye prosesa, seti ya zamani kwa kawaida inakaa sloti ya pili na ya nne, ambazo bodi nyingi huziita A2 na B2. Iache hapo. Sloti hizo ziko mwisho wa nyaya, na vijiti viwili vikikaa huko hakuna ncha tupu ya waya inayorudisha ishara. Seti mpya inaingia A1 na B1, yaani ya kwanza na ya tatu. Kwa mpangilio huo kila chaneli ina kijiti kimoja cha zamani na kimoja kipya, na pande zote mbili zinabeba mzigo sawa. Usiweke seti moja nzima kwenye chaneli moja. Kitabu cha bodi kikisema vingine, fuata kitabu, kwa sababu majina ya sloti hutofautiana.

Sloti ya kwanza iko jirani na feni ya prosesa. Kijiti chenye bati refu la kupozea kinaweza kugongana nayo, hivyo pima kwanza.

Fungua vibano vya sloti. Baadhi ya bodi zina kibano upande mmoja tu. Linganisha mkato wa kijiti na kinundu cha sloti, shusha kijiti kikiwa wima, kisha sukuma kwa vidole gumba viwili, kila kimoja kwenye ncha yake. Inataka nguvu kuliko unavyotarajia, na bodi itapinda kidogo. Kibano kikijifunga chenyewe kwa mlio, kimeingia. Kisipojifunga, angalia usawa wa miguu ya dhahabu: ikionekana zaidi upande mmoja, kijiti kimekaa mshazari. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kabisa cha mashine kutowaka baada ya kuongeza RAM, kabla hata hujafikiria kutopatana.

Uwakaji wa kwanza na ngazi ya kushuka

Washa ukiwa na subira. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha mara mbili tatu, skrini ikiwa nyeusi, huku taa ndogo ya DRAM ikiwaka kwenye bodi. Inajaribu namba. Ipe dakika chache. Ikiendelea hivyo bila mwisho, futa kumbukumbu ya BIOS: chomoa umeme, kisha gusanisha pini zilizoandikwa `CLRTC`, `CLR_CMOS` au `JBAT1` kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde kumi hivi, au toa betri ya CR2032 kwa dakika chache.

Ikiwaka, ingia BIOS na uzime XMP. Kwenye ASUS za AMD inaitwa `D.O.C.P.` na kwenye MSI za AMD `A-XMP`. Hakikisha GB 32 zote zinaonekana, kisha upime ukiwa hapohapo kwenye kasi ya kawaida. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo inayotenganisha kijiti kibovu na mchanganyiko mbaya. Kijiti kisicho na ubovu lazima kipite kwa namba zake za kawaida.

Kipimo ni MemTest86 au Memtest86+, kinachowashwa kutoka kwenye flashi, nje ya Windows. Acha kiende usiku kucha ili kimalize mizunguko kamili isiyopungua minne. Matokeo yanayokubalika ni makosa sifuri. Kosa moja tu kwa usiku mzima ni kufeli, kwa sababu mashine yako itaendelea kuwaka miezi na miaka.

Sasa washa XMP na upime tena. Mashine yetu, vijiti vya zamani vikiwa `ver 4.31` na vipya `ver 5.32`, ikipita hapa kazi imekwisha. Ikitoa makosa au ikakataa kuwaka, shuka ngazi moja moja, ukipima kila moja. Kwanza acha profaili ya XMP jinsi ilivyo, ubadilishe kasi pekee kutoka 3200 hadi 2933. Kwa mapigo yaleyale 16, kusubiri kunapanda kutoka nanosekunde 10 hadi kama 10.9, na uwezo wa kupitisha data unapungua asilimia 8 hivi. Kwa kazi nyingi hutaona tofauti, na prosesa sasa iko ndani ya kiwango chake rasmi. Kwa seti nyingi mchanganyiko, tatizo huishia hapa.

Bado kuna makosa? Legeza namba hadi 18-20-20-40, kisha inua tRFC hadi ile kubwa zaidi kati ya seti mbili kwa kasi unayotumia. CPU-Z, sehemu ya `SPD`, inakuonyesha namba nyingine za kila sloti kivyake; tRFC ikokotoe kwa nanosekunde zilizotajwa juu. Badilisha pia `Command Rate` kutoka 1T hadi 2T, ili amri zipate muda zaidi wa kutulia kwenye nyaya. Volti ya RAM iwe 1.35 kwa mkono, kwa maana bodi nyingine huiacha 1.2 ikiona seti mbili tofauti, na hapo seti za volti 1.35 hazitarajiwi kutulia kwenye 3200. Volti ya `SoC` inaweza kufika 1.10 kusaidia vijiti vinne. Usiendelee kuipandisha ukitafuta utulivu. Ngazi ya mwisho ni 2666 yenye namba zilizolegezwa. Mchanganyiko ukigoma hata hapo, urudishe dukani.

Wenye DDR5 wasijipe matumaini na ngazi hii. Ryzen 7000 zina kasi rasmi ya 5200 kwa vijiti viwili, lakini kwa vijiti vinne inaporomoka hadi 3600. Huko, kubadilisha seti nzima ndiyo njia karibu kila mara.

Makosa yakibaki, jua ni ya nani

Dalili za RAM isiyotulia ni skrini ya buluu yenye ujumbe unaobadilikabadilika, `MEMORY_MANAGEMENT` leo na `IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL` au `PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA` kesho, pamoja na faili za zip zinazogoma kufunguka kwa kosa la CRC ilhali zimepakuliwa kamili. Ujumbe ukiwa uleule kila mara, wakati wa programu ileile, shuku draiva kwanza.

Kutenganisha, toa seti mpya na upime ya zamani peke yake kwenye A2 na B2, XMP ikiwa imewashwa. Kisha itoe, weka mpya kwenye sloti hizohizo, upime. Zote mbili zikipita zikiwa peke yake na kufeli zikiwa pamoja, hakuna kijiti kibovu: umekutana na mchanganyiko, na dawa yake ni ile ngazi. Seti moja ikifeli peke yake, jaribu kijiti kimoja kimoja kwenye A2, XMP ikiwa imezimwa. Kitakachotoa makosa hapo ni kibovu kweli, na unaweza kukirudisha kwa dhamana ukiwa na picha ya skrini ya kipimo. Kama kila kijiti kinapita A2 na kila kijiti kinafeli A1, tazama ndani ya sloti yenyewe kwa tochi kama kuna vumbi au pini iliyopinda. Kwenye bodi za AM4, toa pia prosesa ukague miguu yake, kwani mguu mmoja uliopinda unatosha kuua chaneli nzima.